Nakodisha ekari 5 Mbozi: nichukue hela au nusu ya mavuno? Na udongo nautunzaje kwenye mkataba?

Mwalimu_wa_Mbali
Habari za jioni wakuu. Mzee wetu alituachia ekari tano za mahindi Mbozi, mimi nafundisha Dodoma, wadogo zangu hawalimi. Miaka miwili shamba lililimwa kienyeji na jirani bila malipo. Sasa amekuja kijana kutoka kijiji cha pili, anaonekana mchapakazi, ananipa njia mbili:

1. Elfu 90 kwa ekari kwa msimu, analipa kabla ya kulima.
2. Nusu kwa nusu ya mavuno, gharama zote zake, mimi naleta shamba tu.

Shamba likitunzwa linatoa gunia 15 kwa ekari. Gunia msimu uliopita nilisikia elfu 55. Kwa hesabu yangu nusu ni gunia saba na nusu, zaidi ya laki nne kwa ekari. Elfu 90 inaonekana kama kichekesho.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Mzee alihangaika na samadi na makinga maji miaka ishirini. Sitaki mtu aje akamue shamba misimu miwili aniachie vumbi. Kwenye mkataba naandika nini kuhusu udongo, kitu ambacho kitashika? Nawasilisha.

Chapa_Jembe
Hela mkononi mwalimu. Mavuno ya mtu mwingine huyaoni ukiwa Dodoma. Utaambiwa viwavi wamekula, nguruwe pori wamepita, mvua imekata. Elfu 90 haina viwavi.

Dalali_Mstaarabu
Mkuu hizo ekari tano unauza shilingi ngapi kwa jumla? Nina mteja.

Mwalimu_wa_Mbali
Siuzi kaka. Nakodisha.

Dada_wa_Ubaruku
Sisi Mbarali kwenye mpunga hatuhangaiki na nusu. Ni gunia kadhaa kwa ekari, mnakubaliana kabla ya kulima, zikivunwa unapima unapeleka. Mwaka mzuri mkulima anafaidi, mwaka mbaya anaumia. Ila sisi tuna mfereji, maji yana uhakika kidogo. Mahindi ya mvua sijui.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Mwalimu, kabla ya udongo tuanze na hiyo nusu, maana ndiyo itakayoumaliza udongo wako. Nimekaa na wakulima wa Mbozi na Ileje muda mrefu, naomba tupige hesabu ya huyo kijana badala ya yako.

Ekari moja kwa bei za huku: trekta elfu 60. Mbegu kilo kumi, elfu 60. DAP mfuko mmoja elfu 75, urea mfuko mmoja elfu 70. Palizi mbili elfu 80. Dawa ya viwavijeshi elfu 20. Kuvuna, kupukuchua na kusafirisha elfu 60. Jumla 425,000.

Gunia 15 kwa elfu 55 ni 825,000. Ukichukua nusu, yeye anabaki na 412,500. Amelima tangu Novemba mpaka Julai, amepata hasara ya 12,500. Sasa kwa nini kakupa ofa hiyo? Hajui hesabu, au anajua kwamba hatatumia 425,000, au anajua kwamba hutaona gunia 15. Zote tatu ni mbaya kwako.

Na hata akiwa mwaminifu kama mtawa, nusu inamfunga mikono. Chukua mfuko wa pili wa urea. Unamgharimu elfu 70, tuseme unaongeza gunia mbili, yaani 110,000. Kwa shamba alilolipia fedha, anaununua, anabaki na elfu 40. Kwa nusu, ile ya ziada anagawana na wewe, anapata elfu 55 kwa mfuko wa elfu 70. Hanunui. Si mvivu, ana akili. Samadi ni hivyohivyo, palizi ya pili hivyohivyo. Shamba litalishwa kidogo na litavunwa yote.

Mwalimu_wa_Mbali
Shikamoo mzee. Hapo umenivua kofia. Kwa hiyo nusu kwa nusu haifai kabisa?

Bwana_Shamba_Mstaafu
Marahaba. Inafaa pale mwenye shamba anapoleta na pembejeo. Wewe ukilipa mbegu na mbolea yote, hiyo 205,000, yeye akalipa trekta, dawa na kazi, 220,000, hapo nusu ni haki na mfuko wa ziada mnaugawana gharama kama mnavyougawana mavuno. Lakini lazima uwe na hela Novemba, na uwe na mtu wa kuona mbolea inaingia shambani, si dukani.

Kama huleti kitu, theluthi ndiyo mwisho. Gunia tano zako, kumi zake. Anabaki na 125,000 kwa ekari. Kwa fedha ya elfu 90 angebaki na 310,000. Kwa hiyo usishangae akiipenda fedha.

Mama_Nafaka
Naomba niseme kwa upande wa tuliokodi, maana humu wote mnaongea kama wenye mashamba.

Mimi nakodi ekari nane kila mwaka, Momba na Mbozi. Fedha taslimu naipenda ila inaniua Oktoba. Ndiyo wakati natafuta mbegu, trekta inataka hela, mwenye shamba naye anasimama mlangoni. Nikimlipa yeye kwanza, mbolea inapungua. Kwa hiyo huyo mwenye shamba anayelilia udongo wake ndiye aliyeipeleka hela ya mbolea yangu mfukoni kwake. Mwalimu, ukichukua fedha, chukua nusu Oktoba na nusu Julai. Hilo litafanya zaidi kwa udongo wako kuliko vifungu kumi.

Na la pili. Mnasema mpangaji anakamua shamba. Mwaka juzi niliweka samadi trela mbili kwenye ekari mbili za mtu. Msimu uliofuata mahindi yalivyosimama, mwenyewe akaja akasema shamba limekuwa zuri, sasa analima mwenyewe. Samadi yangu ikabaki kwake. Tangu hapo shamba la mwaka mmoja siliwekei samadi hata kapu.

Chapa_Jembe
Mama Nafaka ulipaswa kumshtaki.

Mama_Nafaka
Kwa karatasi gani mwanangu? Tulipeana mikono.

Mnyalu_wa_Isimani
Hili la udongo sisi Isimani tunalijua kwa machungu. Babu zetu walilima mahindi juu ya mahindi tangu miaka ya 1950, wakubwa wakikodi kila pori la mtu, gunia zikawa zinaenda kwa malori. Udongo ukachoka, leo ukipita unaona wenyewe.

Ushauri wangu ni mwepesi. Pima udongo kabla, pima baada ya miaka miwili. Rutuba ikishuka, mpangaji alipe faini. Andika namba kwenye mkataba, namba haibishani.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Mnyalu, nusu ya maneno yako ni dhahabu. Kupima kabla, ndiyo. Faini kwa namba, hapana. Namba hiyo inabishana kuliko mawakili.

Mboji ya udongo haishuki kwa miaka miwili kiasi ambacho maabara itakiona kwa uhakika. Sampuli ukiichota mwezi Septemba kukiwa kukavu na nyingine Machi baada ya mvua, tayari majibu yanatofautiana bila mtu kufanya kosa. Ukichota mita tano kutoka ulipochota mwanzo, yanatofautiana tena. Utamtoza mtu faini kwa sababu ya ndoo.

Andika matendo, usiandike matokeo. Matendo yanaonekana na jirani yeyote. Moto umewashwa au haujawashwa. Kinga maji lipo au limelimwa. Mabua yapo au yamekwenda.

Kupima ni kwa ajili ya kujua unaanzia wapi. Chota sehemu 15 mpaka 20 kwa mwendo wa pinda-pinda, kina cha sentimita 20, ruka kichuguu na pale palipokuwa zizi, changanya kwenye ndoo ya plastiki, toa nusu kilo, peleka maabara ya udongo Uyole. Kinachonitia wasiwasi huko kwenu ni uchachu. DAP na urea miaka mingi bila chokaa, pH inateremka. Ikiwa chini ya 5.5 mahindi yanaanza kuwa na mizizi mifupi na minene, mbolea unaweka na haionekani.

Mkulima_wa_Kitale
Hata kwetu Trans Nzoia ni hivyo hivyo, DAP mwaka nenda mwaka rudi, na udongo umekuwa chachu. Tukikodisha hapa watu hulipa pesa kwa ekari kabla ya kupanda, mavuno ya kugawana ni ya ndugu na majirani tu. Lakini jihadharini, kwa sheria yetu hata kukodisha shamba kunahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Wengi hawaendi, halafu wakikosana wanagundua mkataba wao hauna miguu. Kwenu iko aje?

Bwana_Shamba_Mstaafu
Kwetu ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Huyo kijana anatoka kijiji kingine, kwa hiyo mwalimu apitishe halmashauri ya kijiji, muhtasari uandikwe, mtendaji agonge muhuri. Wakikosana wanaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, na lile kazi yake ni kusuluhisha. Wazee wale hawatasoma ripoti ya maabara. Watauliza: alichoma au hakuchoma? Ndiyo maana nasema matendo.

Chapa_Jembe
Mi nasikia ukimwachia mtu shamba miaka kumi na mbili linakuwa lake. Mwalimu angalia usije ukampa urithi.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Hiyo miaka 12 ni ya anayekaa bila ruhusa. Aliyeingia kwa ruhusa yako au kwa kukulipa kodi hapati shamba kwa kukaa sana. Ila yule jirani aliyelima miaka miwili bila malipo, mwalimu, muandikishe naye kwamba alilima kwa hisani. Hayo ndiyo yanayoanzisha maneno wazee wakifa.

Mwalimu_wa_Mbali
Nimeandika hilo pembeni. Sasa mzee, matendo yenyewe ni yapi? Mimi nilifikiria: asichome, alime maharage mwaka mmoja, aweke samadi.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Nianze na mabua, ndipo mali ilipo. Gunia 15 za mahindi zikiondoka kwenye ekari zinabeba kilo tano au sita za potasiamu. Mabua ya ekari hiyohiyo yanabeba kama kilo ishirini. Na mbolea mnayoweka, DAP na urea, haina potasiamu hata chembe. Kwa hiyo mpangaji akiuza mabua kwa wafugaji, au akiyabeba nyumbani kwa ng'ombe wake, ameuza shamba mara tatu zaidi ya alivyouza mahindi. Hakuna anayeona kwa sababu hakuna gunia.

Akichoma, potasiamu inabaki kwenye majivu, lakini nitrojeni na salfa zinaenda na moshi, na majivu mvua ya kwanza inayapeleka bondeni kama kuna mteremko.

Kwa hiyo kifungu kisiseme "atunze udongo". Kiseme: mabua yote yabaki shambani mpaka kulima, yasichomwe, yasiuzwe, yasitolewe.

Ngosha_wa_Ng'ombe
Mzee unatutangazia njaa sisi wafugaji. Baada ya mavuno ng'ombe wanapita, ndivyo ilivyo tangu enzi. Na wanaacha samadi.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Wanaacha kama wanalala humo. Wakila mchana na kulala zizini kwako, samadi imekwenda kwako. Nimeona makubaliano mazuri ya mfugaji kulaza ng'ombe shambani usiku kadhaa kwa kila ekari kama malipo ya malisho. Hapo sina ugomvi.

Ngosha_wa_Ng'ombe
Kulaza porini na wezi hawa? Hapana mzee.

Mama_Nafaka
Na mimi nawaulizeni, huyo mpangaji atayalinda mabua vipi Agosti wakati ameshavuna yuko kwake? Ng'ombe mia wakiingia usiku, mkataba unasema nimevunja kifungu. Mwalimu yuko Dodoma. Nitalipa kosa la Ngosha?

Bwana_Shamba_Mstaafu
Swali zuri, na sina jibu safi. Andika kwamba mpangaji asiuze wala asiruhusu. Wakivamia, atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji ndani ya siku chache. Kulinda usiku huwezi kumdai mtu.

Sasa maharage. Mwalimu, na wengi mnaamini hivi: maharage yanarudisha mbolea. Yanavyovunwa huku, hayarudishi. Mnayang'oa na mizizi, mnayabeba nyumbani, mnayapiga uani, maganda yanaliwa na mbuzi. Kilichobaki shambani ni nini? Maharage ya kawaida yenyewe si hodari wa kutengeneza nitrojeni. Kama unaweka kifungu cha kubadilisha mazao, andika yakatwe mizizi ibaki, au maganda yarudi. Bora zaidi mbaazi kati ya mahindi, majani yake yanapukutika yenyewe, hakuna wa kuyabeba. Kubadilisha kunasaidia magonjwa na viwavi pia, sisemi usibadilishe. Nasema usimlipe mtu sifa ya mbolea ambayo kaipeleka uani kwake.

Dada_wa_Ubaruku
Mzee umenichekesha, ni kweli kabisa, maganda yangu yote yako kwa mbuzi wa mama mkwe.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Makinga maji: yaandikwe kwa idadi. "Yapo manne, yana majani ya guatemala." Piga picha pamoja na kijana siku ya kumkabidhi. Dereva wa trekta hapendi kukata kona, anapitiliza, analima kinga na mteremko kwa pamoja. Kifungu kiseme alime kukingama na mteremko, kinga likibomoka alirudishe kabla ya kupanda.

Samadi na chokaa, hapo namuunga mkono Mama Nafaka. Kumtaka mtu aweke kitu kinachokaa miaka mitatu kwenye mkataba wa mwaka mmoja ni kumuomba msaada. Mpe miaka mitatu. Na muandike fidia: akiweka chokaa tani moja kwa ekari mwaka wa kwanza, ukimtoa baada ya msimu mmoja unamrudishia theluthi mbili ya gharama yenye risiti, baada ya miwili theluthi moja, baada ya mitatu hakuna. Akiondoka mwenyewe, hadai.

Mama_Nafaka
Hapo sasa. Ningepewa karatasi hiyo mwaka juzi ningekuwa bado kwenye shamba lile.

Chapa_Jembe
Miaka mitatu kwa elfu 90 ileile? Bei ya mahindi ikipanda mwalimu anakula nini?

Dada_wa_Ubaruku
Ndiyo maana sisi tunalipa kwa gunia. Gunia halishuki thamani.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Dada ametoa la maana mwanzoni na sote tuliliruka. Gunia mbili kwa ekari, zisizobadilika. Kwa bei ya elfu 55 ni 110,000, zaidi kidogo ya fedha yake, lakini analipa Julai, hela ya Oktoba inabaki kwenye mbolea. Mfuko wa ziada wa urea faida yote ni yake, kama kwenye fedha. Bei ikipanda, wewe unapanda nayo. Na huna haja ya kujua alivuna ngapi.

Ubaya wake ni mwaka wa ukame. Akipata gunia sita, mbili zako bado ni mbili. Muweke kifungu: mavuno yakishuka chini ya gunia saba kwa ekari, afisa ugani akathibitisha kabla ya kuvuna, unachukua moja.

Mnyalu_wa_Isimani
Na gunia lipi? Maana akikulipa atapima la kilo tisini, akiuza atafunga lumbesa.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Usiandike gunia, andika kilo. Kilo 200 kwa ekari, kwenye mzani, mahindi makavu yaliyopukuchuliwa. Ukavu mpimeni kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, punje kiasi, chumvi kavu kidogo, tikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado yana maji, yarudi turubaini. Usipoandika hilo utaletewa mahindi ya Juni yenye uzito wa maji, yataota ukungu kwenye stoo ya shangazi yako.

Jambo dogo la mwisho ambalo huzua ugomvi mkubwa: mbolea ya ruzuku. Andikeni nani anajiandikisha kwa ekari hizo tano. Wakijiandikisha wawili kwa shamba moja, maneno yanaanzia ofisi ya kijiji. Awe yeye, ndiye anayelima.

Mwalimu_wa_Mbali
Wakuu, mrejesho. Nimempigia kijana jana usiku. Nilimuuliza kwanza kwa upole: nusu kwa nusu ungelipaje? Akanyamaza, kisha akacheka, akasema "mwalimu, ningepunguza mbolea, ningepandia DAP nusu mfuko." Angalau ni mkweli.

Tumefika hapa: miaka mitatu, kilo 200 kwa ekari kila mwisho wa Julai, jumla tani moja kwa ekari tano. Mabua kubaki, kutochoma, makinga manne na picha. Mbaazi kati ya mahindi kwenye ekari mbili kila mwaka, zikizungushwa, na mavuno ya mbaazi yote ni yake. Fidia ya chokaa kama mzee alivyosema.

Alichokataa ni kimoja. Nilitaka akivunja kifungu cha moto nimtoe mara moja. Anasema moto wa Septemba huku unatoka kwa wawinda panya, unavuka barabara, hawezi kufukuzwa kwa moto wa mtu mwingine. Anataka iandikwe "akichoma kwa makusudi". Mimi naona makusudi hayathibitiki.

Mama_Nafaka
Yuko sahihi.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Muandikie afyeke mkanda wa mita tatu pembeni mwa shamba kabla ya mwisho wa Agosti. Mkanda unaonekana. Kama aliufyeka na moto ukaruka, hana kosa. Kama hakuufyeka, hutauliza makusudi.

Chapa_Jembe
Mita tatu ekari tano nzima, mzee? Nani analipa vibarua?

Mwalimu_wa_Mbali
Hilo ndilo nitakalomuuliza Jumamosi. Naenda mwenyewe, nimeshanunua ndoo ya plastiki.